Simu ya Mizani Iende kwenye Seva Mara Ngapi kwa Siku?

Somo la kupunguza fakture ya klaudi na mega katika ushirika wa kahawa

Siku hizi shirika nyingi za kahawa hazipimi tena kwa daftari peke yake. Mpokeaji anapima kahawa mbivu, anaandika kilo katika simu, na simu inapeleka hesabu kwenye seva. Seva yenyewe haiko ofisini. Ni kompyuta ya kukodi iliyo mbali sana, na kazi hiyo ya kukodi inaitwa klaudi. Mwisho wa mwezi fakture inafika. Kontable anailipa, na pesa hiyo inatoka pahali palepale panapotoka bei ya kilo yenu. Kwa hiyo hii si hesabu ya watu wa informatiki tu. Ni hesabu ya wanachama wote.

Katika somo hili tunaangalia jambo moja tu: mara ngapi simu na seva zinakutana ili kulinganisha taarifa. Tutaita kila mkutano wa namna hiyo "safari". Tutajifunza kuhesabu bei ya safari hizo kabla fakture haijafika, kisha tutaona ni safari zipi za kupunguza na zipi tusiziguse. Maana kuna safari moja ambayo mkiipunguza vibaya, kahawa inaweza kulala bila kumenywa na mkulima akarudi nyumbani bila pesa.

Bei ya safari na bei ya mzigo

Tuseme una mizigo ya kupeleka sokoni kwa pikipiki. Dereva mmoja anadai pesa kwa kila safari, hata kama hakubeba kitu. Mwingine anadai kwa kila gunia. Ukiwa na magunia kumi, na dereva anadai kwa safari, utamwambia asubiri mpaka magunia yote yafike, aende mara moja. Lakini kama anadai kwa gunia, kwenda mara moja au mara kumi hakubadili kitu: magunia ni yaleyale kumi.

Data inafanya hivyohivyo, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Katika simu ya mpokeaji kuna mizigo ya namna mbili.

Mzigo wa kwanza ni risiti zinazopanda: jina la mkulima, kilo, saa, kituo. Risiti 60 za siku ni risiti 60. Ukizipeleka moja moja au zote pamoja, seva inaandika mara 60 tu. Kubadili muda wa safari hakupunguzi sana bei yake.

Mzigo wa pili ni orodha inayoshuka: kadi za wanachama wote, pamoja na avansi ambayo kila mmoja amechukua. Programu nyingi rahisi zinashusha orodha nzima kwa kila safari, hata kama hakuna kilichobadilika. Ni kama dereva anayebeba magunia yaleyale kumi kila safari, anayarudisha, anayabeba tena, na kila mara unalipa. Hapa kubadili muda wa safari kunapunguza bei sana.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu wa informatiki ni hili: "Kila safari, simu inashusha orodha yote au yale mapya tu?" Jibu lake ndilo linaonyesha kama somo hili litawaletea senti au makumi ya dola.

Kuhesabu kabla ya kulipa

Tuchukue ushirika wa mfano kando ya Ziwa Kivu. Una wanachama 1,200 na vituo 8 vya kupokelea kahawa, kila kituo na simu moja. Programu imewekwa hivi: kila dakika 5, mchana na usiku, simu inashusha orodha nzima.

Kuna klaudi zinazohesabu kila kadi inayosomwa. Cloud Firestore ya Google, kwa mfano, inahesabu kila kadi iliyosomwa, inatoa kadi 50,000 bure kila siku, na zinazozidi unazilipia. Bei inategemea eneo ambapo seva imewekwa, na inaweza kubadilishwa, kwa hiyo angalieni fakture yenu. Katika mfano wetu tuseme ni senti 6 za dola kwa kadi 100,000.

Hesabu inakwenda hivi:

```
safari kwa saa x saa kwa siku x kadi x simu = kadi zinazosomwa kwa siku
12 x 24 x 1200 x 8 = 2764800
```

Yaani kadi milioni 2.7 na zaidi kila siku, kwa ushirika wa watu 1,200! Ondoeni zile 50,000 za bure, zinabaki 2,714,800. Gawanyeni kwa 100,000, zidisheni kwa senti 6: ni dola 1.63 hivi kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni dola 48.87.

Hiyo ni klaudi tu. Kuna pia mega za simu, na hizi hazionekani katika fakture ya seva. Zinaonekana pale mpokeaji anapoomba pesa ya forfeti kila wiki. Tuseme kadi moja ya mwanachama ina baiti 200. Kadi 1,200 ni kilobaiti 240 kwa safari moja. Kwa siku kuna safari 288, kwa hiyo ni mega 69 hivi kwa simu moja. Kwa simu 8, kwa siku 30, ni mega 16,589, yaani jigabaiti 16 na nusu. Tuseme jigabaiti moja inanunuliwa kwa dola 2: ni dola 33.18.

Jumla ni dola 82.05 kwa mwezi, kwa orodha ambayo labda imebadilika mara tano au sita kwa wiki nzima.

Jueni kwamba hesabu hii inatoa kiwango cha juu. Katika vituo vya milimani rezo inakatika, simu nyingine inazimika usiku, kwa hiyo safari nyingine hazifanyiki. Lakini inatosha kuonyesha pesa inakwenda njia gani.

Hatua kwa hatua

Sasa tubadili kitu kimoja kimoja, tuone kila badiliko linaleta nini. Hesabu ni ileile, wanachama walewale, simu zilezile. Tarakimu ya mwisho ni jumla ya klaudi na mega kwa mwezi.

- Kila dakika 5, saa 24: dola 82.05
- Kila dakika 5, kuanzia saa 6 mpaka saa 18 tu: dola 40.57
- Kila dakika 30, saa 6 mpaka saa 18: dola 6.01
- Kila saa moja, saa 6 mpaka saa 18: dola 2.55
- Mara mbili kwa siku: senti 23

Saa tunaziandika kama zinavyoonekana kwenye simu: saa 6 ni alfajiri, saa 18 ni jioni.

Someni orodha hiyo polepole, maana ina mambo mawili ya kujifunza. La kwanza: kuzima usiku peke yake kumekata nusu ya gharama. Usiku hakuna anayepima kahawa, kwa hiyo hakuna aliyepoteza kitu hata kidogo. Hilo ni badiliko la kwanza la kufanya, na halihitaji majadiliano marefu.

La pili: faida kubwa iko mwanzoni. Kutoka dakika 5 mpaka dakika 30 mmepata dola 34 na zaidi. Lakini kutoka saa moja mpaka mara mbili kwa siku mmepata dola 2.32 tu. Hapo komite inapaswa kujiuliza: dola mbili hizo zinastahili tuwe na orodha iliyochelewa nusu siku? Katika ushirika mmoja jibu ni ndiyo, katika mwingine ni hapana. Msiendelee kukata kwa sababu tu kukata kunawezekana.

Nani anasubiri taarifa hii?

Namna nzuri ya kuchagua muda ni kuuliza: nani anasubiri taarifa hii, na akiipata atafanya nini? Kama hakuna mtu atakayefanya kitu tofauti kabla ya jioni, basi kuileta kila dakika 5 ni kuchoma pesa. Tuangalie taarifa tatu za ushirika wetu.

Risiti za kilo. Kahawa mbivu haisubiri. Inatakiwa imenywe siku ileile ilipochumwa, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya gunia na ladha inaharibika. Msimamizi wa kituo cha kuoshea kahawa anatazama kilo za vituo vyote ili ajue kamyo ianzie wapi, wafanyakazi wangapi wabaki jioni, na mtunza pesa abebe faranga ngapi kesho. Akiona kilo za kituo cha mbali saa 18 badala ya saa 15, kamyo imekwisha kwenda njia nyingine. Kwa hiyo risiti hizi zisicheleweshwe zaidi ya dakika 30 wakati wa kupokea. Na kumbukeni tulivyosema: risiti zinalipiwa kwa mzigo. Simu 8 zenye risiti 60 kila moja ni maandiko 480 kwa siku, na Cloud Firestore inatoa maandiko 20,000 bure kila siku. Kuzichelewesha hakungeleta faida yoyote katika fakture. Kungeleta hasara tu katika kahawa.

Safari yenyewe ina uzito wake kidogo hata ikiwa tupu, maana simu na seva zinapaswa kusalimiana kwanza kabla ya kupeana kitu. Tuseme ni kilobaiti 5. Kila dakika 30 kwa saa 12 ni safari 24, yaani kilobaiti 120. Ongeza risiti 60 za kilobaiti moja moja: ni kilobaiti 180 kwa siku, kama mega 5 na nusu kwa mwezi kwa simu moja. Kitu kidogo sana. Na programu ikiwekwa isiondoke mpaka kuwe na risiti moja mpya, zile safari tupu nazo zinapotea.

Orodha ya wanachama na avansi. Mpokeaji anaihitaji anapopima, lakini inabadilika mara chache. Mara mbili kwa siku inatosha: saa 5 alfajiri kabla ya kufungua, na saa 12 mchana. Kadi zinazosomwa ni 2 × 1,200 × 8, yaani 19,200. Hizo ziko chini ya 50,000 za bure, kwa hiyo klaudi haidai kitu.

Lakini hapa kuna hatari ya kweli, na lazima muiwekee kanuni kabla ya kubadili. Tuseme mama mmoja amechukua avansi ya faranga katika depo saa 8, kisha saa 10 anapeleka kahawa kituo kingine. Simu ya kituo kile bado ina orodha ya saa 5. Inaonyesha hana deni, mpokeaji anamlipa zote, na deni linabaki bila kukatwa. Hilo halionekani siku hiyo. Linaonekana mwisho wa msimu, na ugomvi unaanza. Dawa zake ni mbili, na zote ni za utaratibu, si za informatiki. Ama avansi zitolewe jioni tu, baada ya vituo kufungwa, ili orodha ya alfajiri iwe sahihi. Ama programu iwe na kitufe cha kuleta orodha papo hapo, na kila anayetoa avansi mchana apigie vituo simu wakibonyeze. Kanuni ya kukumbuka: taarifa iliyo kwenye simu inaweza kuwa ya zamani kwa muda wote wa kati ya safari mbili, na zaidi kama rezo imekatika. Kama ushirika hauwezi kuvumilia uzee huo, muda ni mrefu mno.

Bei ya soko la dunia. Seva ya mfano wetu inauliza pia bei ya kahawa ya arabika ya Nyu Yoki, kwa kupitia API. API ni mlango ambao kompyuta moja inapita kuuliza kompyuta nyingine, na mwenye mlango anahesabu kila ulizo. Ikiuliza kila dakika 5, saa 24, ni maulizo 8,640 kwa mwezi. Tuseme kwa muuzaji huyo maulizo 100 kwa mwezi ni bure, na forfeti ya 10,000 ni dola 20. Basi ushirika unalipa dola 20.

Sasa jiulizeni: bei hiyo inabadilika lini? Soko la Nyu Yoki linafanya biashara ya kahawa Jumatatu mpaka Ijumaa tu, kuanzia saa 4:15 mpaka saa 13:30 ya kwao. Usiku wao, Jumamosi na Jumapili, bei haisogei. Kuuliza wakati huo ni kulipa ili kuambiwa jibu lilelile. Na je, ushirika unabadilisha bei ya kumlipa mkulima kila dakika 5? Hapana. Komite inakaa mara moja kwa siku, au mara moja kwa wiki. Basi ulizo moja baada ya soko kufungwa linatosha. Kwa mwezi ni maulizo 22 hivi, na yanaingia katika yale ya bure.

Kubadili muda kwenye seva

Katika seva nyingi, kazi za kurudiarudia zinaandikwa katika orodha inayoitwa `cron`. Mtu wa informatiki ndiye anayeigusa, lakini ni vizuri komite ijue kuisoma, ili msiambiwe tu "tumebadili" bila kuona. Mstari wa zamani ulikuwa hivi:

```
*/5 * * * * /opt/kahawa/leta_bei.sh
```

Alama tano za mwanzo ni, kwa utaratibu: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya wiki. `*/5` maana yake ni kila dakika ya tano. Nyota peke yake maana yake ni "zote". Kwa hiyo mstari huu unasema: kila dakika 5, kila saa, kila siku. Mstari mpya ni huu:

```
45 18 * * 1-5 /opt/kahawa/leta_bei.sh
```

Unasema: dakika ya 45, saa 18, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Angalisho moja kubwa. Seva nyingi za kukodi hazitumii saa ya Bukavu wala ya Kinshasa. Zinatumia saa ya dunia, inayoandikwa `UTC`. Bukavu, Goma na Lubumbashi ziko saa 2 mbele yake, na Kinshasa iko saa 1 mbele. Kwa hiyo saa 18:45 ya seva ni saa 20:45 ya Bukavu. Tumechagua saa hiyo kwa sababu Wamarekani wanabadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka: soko lao linafungwa saa 17:30 ya `UTC` wakati mmoja, na saa 18:30 wakati mwingine. Saa 18:45 iko baada ya zote mbili. Msipofikiria jambo hili, mnaweza kuzima safari za risiti "usiku" na kumbe mmezima asubuhi yenu. Dalili yake ni rahisi: vituo vinapima tangu saa 6, lakini ofisini kilo zinaanza kuonekana saa 8.

Namna ya kuhakikisha

Msibadili vitu vyote siku moja. Badilini kimoja, subirini siku saba, kisha angalieni ukurasa wa matumizi katika klaudi. Ukurasa huo unaonyesha kadi zilizosomwa kila siku. Linganisheni na hesabu yenu. Tulihesabu 19,200. Mkiona 20,000 au 25,000, ni sawa, maana kuna watu wa ofisi wanaofungua orodha kwenye kompyuta pia. Lakini mkiona 200,000, kuna kitu, na mara nyingi ni kimoja kati ya hivi vitatu.

Kwanza, rezo mbaya. Simu inaanza kushusha orodha, inafika katikati, rezo inakatika, na programu inaanza upya tangu kadi ya kwanza. Ikijaribu kila dakika bila kuchoka, kituo kimoja chenye rezo dhaifu kinaweza kusoma kadi nyingi kuliko vingine vyote saba. Ombeni programu iongeze muda wa kusubiri kila inaposhindwa: dakika 1, kisha 2, kisha 4, na kuendelea mpaka nusu saa.

Pili, simu ya zamani. Mpokeaji wa mwaka jana ameacha kazi, lakini simu bado iko naye na programu ya zamani bado inafanya kazi kila dakika 5. Hesabuni simu zinazoingia kwenye seva. Kama ofisi inajua simu 8 na seva inaona 10, futeni ruhusa ya zile mbili. Hapo mmelinda pia taarifa za wanachama.

Tatu, badiliko limefanyika kwenye simu chache tu. Simu ambayo haijapata programu mpya inaendelea na muda wa zamani. Zungukeni vituo vyote 8, fungueni mpangilio, soma muda kwa macho.

Jambo lingine: klaudi nyingi zinakubali muweke onyo la bajeti, kwa mfano barua pepe ifike matumizi yakipita dola 10. Liwekeni. Lakini mfahamu kwamba onyo linaonya tu. Katika Google Cloud, bajeti ya namna hiyo haifungi bomba: matumizi yanaendelea mpaka mtu aje ayafunge. Kwa hiyo barua hiyo ifike kwa mtu anayesoma barua zake kila siku, si kwa anwani ambayo hakuna anayeifungua.

Mipaka ya dawa hii

Kama ushirika unakodi seva kwa bei moja kila mwezi, tuseme dola 12, basi kupunguza safari hakutapunguza hizo dola 12. Kutapunguza mega tu. Someni fakture kwanza: palipoandikwa idadi ya kusoma, ya kuandika au ya maulizo, dawa hii inafaa. Palipoandikwa kodi ya mwezi, haifai.

Vilevile, forfeti za mega zinanunuliwa nzima na zinaisha muda wake. Mkipunguza matumizi ya simu kutoka mega 2,000 mpaka mega 20 kwa mwezi, lakini mkaendelea kununua forfeti ileile kubwa, hamjaokoa hata faranga moja. Akiba inapatikana siku mnaponunua forfeti ndogo.

Tena, iko siku mtu wa informatiki ataweza kuandika programu ishushe kadi zilizobadilika tu. Hilo ni zuri kuliko kupunguza safari, kwa sababu orodha inabaki mpya na mzigo unakuwa mwepesi. Katika Cloud Firestore, ulizo lisilopata kitu kipya linahesabiwa kama kadi moja tu. Hata kila dakika 5 kwa saa 24, simu 8 zingekuwa na maulizo 2,304 kwa siku, chini kabisa ya 50,000. Lakini kazi hiyo inadai fundi na majaribio. Kubadili muda ni mstari mmoja, na inaweza kufanyika kesho.

Zoezi kwa kikundi

Kaeni pamoja: komite, kontable, mpokeaji mmoja na mtu wa informatiki. Chukueni fakture ya mwezi uliopita na mjibu maswali haya.

1. Kila safari inashusha orodha nzima au mapya tu? Kuna kadi ngapi, simu ngapi, safari ngapi kwa siku? Zidisheni, kisha mlinganishe na fakture.

2. Usiku kuna safari? Kama zipo, nani anazihitaji?

3. Kwa kila taarifa, andikeni jina la mtu anayeisubiri na saa anayoihitaji. Taarifa isiyo na jina la mtu ndiyo ya kupunguza kwanza.

4. Avansi zinatolewa wapi na saa ngapi? Kubalianeni juu ya kanuni kabla ya kupunguza safari za orodha, na muiandike katika daftari la mikutano.

5. Baada ya siku saba, nani ataangalia ukurasa wa matumizi na kuleta tarakimu mbele ya komite? Andikeni jina lake leo.